Insha ya kivuko, darasa la tano: somo zima la siku nne, kwa Mwalimu Zuhura utakaenishikia darasa

Dada Zuhura salama? Mi nasafiri jumapili kwenda Muheza kumuuguza mama, narudi jumamosi, kwahiyo Kiswahili cha darasa la tano wiki nzima kiko mikononi mwako. Nimekuandikia kila kitu humu hadi maneno ya kuwaambia, usipate tabu ya kuanza kufikiria. Kichwa cha insha ni "Siku moja kwenye kivuko". Nimechagua hicho makusudi, maana hapa Pangani hakuna mtoto ambae hajavuka kwenda Bweni, na daraja likishafunguliwa hao wadogo zao watakuwa wanakisikia tu hicho kivuko.

Kabla ya yote jua kitu kimoja. Hawa watoto Kiswahili wameanza nacho mgongoni mwa mama, sio kama wenzetu wa bara huko ambao mtoto anakutana nacho shuleni. Sasa hiyo ndo shida yenyewe, anaona anakijua so anaandika kama anavyoongea, anamaliza dakika kumi, anaandika "MWISHO" kwa herufi kubwa anapiga mistari miwili chini na anakunja mikono. Wiki hii tunawafundisha kuirudia kazi mara ya pili, hicho tu, wakielewa hicho mi nimeridhika hata kama herufi kubwa zitawapita.

JUMATATU, dakika 40, kupanga. Daftari zifungwe. Kabisa. Anza na kuongea, waambie hivi: "Fumba macho. Uko kwenye kivuko. Unasikia nini? Miguu imekanyaga nini? Nani kasimama karibu yako na kabeba nini?" Watacheka mwanzoni, waache, baada ya dakika mbili tatu utasikia vitu, mmoja atasema harufu ya dizeli, mwengine bodaboda wanaogombania kutoka kwanza, mwengine muuza karanga, lori la nazi. Usiandike bado. Wakishachangamka ndo wambie kila mtu amwambie jirani yake jambo MOJA lililomtokea kwenye kivuko, moja tu, sio safari nzima toka alivyoamka akapiga mswaki. Huo mswaki utauona dada, kila insha ya hapa inaanza na mswaki!

Alafu chora mnazi mkubwa ubaoni. Kwenye shina andika jambo lenyewe, mfano "injini ilizima katikati ya mto". Kila kuti ni kitu kimoja alichokiona au kusikia au kuhisi. Nazi ni maneno ambayo watu waliyasema kweli, walau mbili. Na wao wachore wa kwao kwenye daftari la rafu, makuti sita mpaka nane, kila kuti maneno mawili matatu basi, atakaeandika sentensi nzima mwambie hapo bado hatujafika. Dakika tano za mwisho waangalie kuti gani halihusiani na shina, mfano shina ni injini kuzima na kuti linasema "tulikula pilau", hilo kuti kavu, likatwe. Yanayobaki wayape namba, lipi lije la kwanza lipi la mwisho. Na la kwanza sio lazima liwe lililotokea kwanza, hapo watabisha, wewe waambie tu kwamba msomaji anataka kuwa kwenye maji haraka.

Kuna wawili watatu wa upande wa mashambani ambao nyumbani kwao wanaongea Kizigua. Hao waachie waongee Kizigua kwenye kupanga kama wanataka, mnazi hauna lugha, na kuna mmoja ukimlazimisha Kiswahili toka mwanzo anakaa kimya kipindi kizima.

JUMANNE, rasimu ya kwanza. Sheria ni hizi na mi ni mkali nazo. Wanaandika mstari mmoja wanaruka mmoja, sababu alhamisi tutahitaji hiyo nafasi. Peni, sio penseli, na ufutio kusanya weka mezani kwako, akikosea anapiga mstari mmoja juu ya neno anaendelea. Neno asilojua kuliandika anaandika anavyolisikia analizungushia duara, haruhusiwi kukuuliza "mwalimu hili linaandikwaje", maana ukijibu mmoja watakuja wote 54 na hakuna atakaeandika. Mnazi uwe wazi pembeni. Dakika 25 kimya.

Na wewe andika. Hii nakuomba sana, andika ya kwako ubaoni wakikuona, kosea, kata, rudi nyuma. Mwaka jana nilivyofanya hivyo mtoto mmoja akaniuliza, "Kwani na mwalimu nae hujua kukosea?" Toka siku ile hakuna anaeficha daftari kwa mkono.

Usipite na peni nyekundu. Najua mkono utakuwasha, utaona "ni kaenda" na "apa" na utataka kufa, lakini ukishaweka wekundu tu ile kazi inakuwa yako sio yake tena. Pita ukisoma, ukiona mtu kakwama onesha kuti linalofata, basi.

ALHAMISI ndo kipindi chenyewe (jumatano hamna, wana michezo). Chukua vipindi viwili vilivyofuatana, nishaongea na mwalimu wa Sayansi katuachia cha kwake. Wanakaa watatu watatu kwa dawati, kwahiyo daftari linakwenda kwa wa kulia, wa kulia kabisa anapeleka kwa wa kushoto kabisa. Kabla hawajabadilishana fanyeni moja pamoja, hii nimeitunga mwenyewe kwa kuchanganya makosa yao ya muhula uliopita, asionekane mtu. Iandike ubaoni hivi hivi ilivyo:

"Siku moja niliamka nikapiga mswaki alafu mimi na bibi tulienda kupanda kivuko tulikuwa tunaenda Bweni kwenye msiba alafu tukapanda alafu kivuko kika zima katikati ya mto watu waka piga kelele kwasababu waliogopa alafu bibi aka niambia tulia mjukuu wangu mto huu wanijua alafu tukafika. MWISHO"

Raundi ya kwanza ni ya maana tu, makosa marufuku. Mwenye daftari hasomi yake, anaesoma ni mwenzake, kwa sauti, na mwenyewe anasikiliza. Hapa ndo utamu ulipo, maana mwenyewe akisoma atapumzika pale alipokusudia hata kama hajaweka nukta, lakini mwenzake atakimbia mpaka pumzi imuishie, na mwandishi anasikia kwa masikio yake kwamba hapa pana kitu kimekosekana. Akimaliza anasema vitu viwili: "Nimeona vizuri pale..." na "Sijaelewa, ...?" Lazima iwe hivyo, "nzuri" peke yake haikubaliki, na "mbaya" nayo vile vile. Kwa hiyo ya ubaoni wataanza kuuliza wenyewe, watu walisema nini walivyopiga kelele? bibi alikuwa anafanya nini? mlikaa hapo mpaka lini? Majibu anayajua mwandishi tu, na anajibu kwa mdomo kwanza alafu anayaandika kwenye ule mstari tulioruka, kwa mshale.

Raundi ya pili, "alafu". Wazihesabu. Za ubaoni ni tano. Mbili zinageuka nukta, nyengine inaondoka tu kwasababu -ka- inatosha, "tulipanda kivuko, kikazima, watu wakapiga kelele", hiyo -ka- yenyewe ndo inamaanisha kimoja kikafuata kingine, hawahitaji vyote viwili. Itakayobaki iandikwe "halafu", na h yake. H zinawapotea sana hawa kwenye kuandika, mwambie mhariri, yaani yule aliyeshika daftari la mwenzake, aweke kiganja mbele ya mdomo asikie pumzi anaposema "hapa", "hivyo", "halafu".

Raundi ya tatu, maneno yaliyokatwa na yaliyogandishwa. Alama mbili tu, upinde chini ya vipande vinavyotakiwa kuungana (aka niambia, kika zima) na ukuta mdogo kwenye yanayotakiwa kuachana (kwasababu, kwahiyo). Ndio najua mimi mwenyewe humu nimeandika kwahiyo, usiwaoneshe hii karatasi. Kipimo chao ni hiki: ukienda sokoni ukamwambia mtu "kika", ataelewa? Haelewi, basi hiyo haikai peke yake, igandishe. "Kwa" je? "Sababu" je? Zote zinakaa peke yake, ziachanishe. Kipimo hakifanyi kazi kila mahali, lakini kwa darasa la tano kinatibu makosa mengi kuliko kuwaeleza viambishi.

Sasa sikiliza, patatokea ugomvi na nataka utokee. Kwenye "mto huu wanijua" kuna watakaotaka kusahihisha iwe "unanijua". Wa hapa watasema bibi hasemi hivyo. Waache wagombane kidogo alafu wape sheria: maneno ya bibi yanawekewa alama za kunukuu, na yaliyo ndani ya alama hizo ni yake, hayaguswi, hata akisema ndo, hata akisema we mwana. Nje ya alama ni ya mwandishi, hapo tunasahihisha. Mhariri hana amri ya kubadilisha, anaweka alama tu, na mwenye insha anaweza kukataa ila aseme kwa nini kakataa.

Ukimaliza ya ubaoni itafanana na hii, lakini iache itoke kwao, usiwape:

"Kivuko kilikuwa kimefika katikati ya mto injini ilipozima. Mimi na bibi tulikuwa tunaenda msibani Bweni. Mwanamke mwenye tenga la kuku alipiga kelele, 'Jamani, tunapelekwa baharini!' Kila mtu akamgeukia nahodha. Bibi hakugeuka. Alinishika mkono mpaka pete yake ikaniuma, akasema, 'Tulia mjukuu wangu, mto huu wanijua.' Injini ikakohoa mara mbili, kisha ikawaka."

Umeona mswaki umekwenda wapi.

IJUMAA wananakili nakala safi, wanaandika chini jina la mwandishi na jina la mhariri, wawili. Watano wasome mbele, chagua waliobadilisha sana, sio wenye mwandiko mzuri. Mi nikirudi nasahihisha nikiwa na rasimu zote mbili pamoja, kwahiyo usiruhusu mtu achane ya kwanza, wanapenda kuichana. Ya msichana anaekaa dirishani dawati la mwisho niwekee juu, alikuwa ananiambia na yeye anataka kuandika kuhusu babake ambae alikuwa anafanya kazi kwenye kivuko, na sijui kama atapata maneno ya kutosha, ukiona kaandika mistari minne tu usimlazimishe.

Chaki za rangi ziko kwenye kopo la maziwa juu ya kabati, ufunguo kwa mama wa uji.