YAH: Ombi la kujaribu skripti ya kuandaa ripoti za Kidato cha Pili B

Shikamoo mkuu,

Naomba ruhusa yako muhula huu nijaribu kuandaa ripoti za Kidato cha Pili B kwa skripti ambayo nimeiandika mwenyewe kwenye laptopu, yaani kiprogramu kidogo tu kinachosoma mkeka wa matokeo kwenye Eksel halafu kinatoa ripoti ya kila mwanafunzi tayari kwa kuprinti.

Kilichonisukuma ni lile la muhula uliopita. Unakumbuka mzazi alikuja ofisini na ripoti ya mwanae, Historia ina 27, F, na mtoto akatoa karatasi ya mtihani aliyoikunja ndani ya daftari, ina 72. Mkeka ulikuwa sahihi mkuu, ni mimi niligeuza namba nikiwa nahamisha usiku, na yule mtoto alishachapwa nyumbani. Sijalisahau mpaka leo. Darasa lina wanafunzi 52, masomo 9, hizo ni alama 468 za kuandika kwa mkono, bado wastani, nafasi na divisheni.

Skripti inafuata madaraja yetu yaleyale, A kuanzia 75, B 65, C 45, D 30, chini ya hapo F, na divisheni inachukua masomo 7 bora. Mwanafunzi ambaye hakufanya mtihani inaandika ABS, haimpi sifuri, maana hapo ndipo watoto wanaonewa wastani ukishuka bila kosa lao. Mwenye masomo pungufu ya 7 haimpigii divisheni kabisa, inaniachia jina lake niangalie mwenyewe. Wakifungana wawili nafasi ya 5, wote wanakuwa wa 5 na anayefuata ni wa 7.

Maoni ya mwalimu wa darasa nitaendelea kuandika kwa kalamu, hayo mashine haiyajui, na saini yako na muhuri vinabaki palepale.

Ili tusibahatishe, nitaandaa na za mkono kama kawaida, halafu mwalimu wa taaluma achague ripoti 10 anazotaka yeye, azilinganishe na mkeka. Ikipishana hata alama moja tunatumia za mkono, skripti naenda kuirekebisha. Haihitaji intaneti wala bando, na faili litakaa kwenye laptopu ya shule yenye neno la siri, sitalituma kwenye magrupu ya Watsapu, hizi ni taarifa za watoto wa watu.

Ninachoomba ni printa ya ofisi kwa mchana mmoja na karatasi kama 60 hivi. Ukiniruhusu, Ijumaa baada ya vipindi nakuja kukuonyesha kwa majina ya kubuni kwanza uone inavyofanya kazi kabla sijagusa matokeo yenyewe.

Wako katika kazi,
Mwalimu wa darasa, Kidato cha Pili B

Nakala: Mwalimu wa taaluma