Ombi la Kazi ya Usafi wa Vyumba

Mwanaisha Bwanaheri Ali,
Mtaa wa Langoni,
LAMU.

9 Juni 2025

Kwa Meneja,
Nyumba ya Wageni,
Shela,
LAMU.

Kwako Meneja,

MINT: OMBI LA KAZI YA USAFI WA VYUMBA

Baada ya salamu, nimeliona tangazo lenu gatini kwamba mnatafuta mtunza vyumba wa kuanza Julai, mtakapofungua tena baada ya masika. Naiomba kazi hiyo.

Tangu 2016 hadi Machi mwaka huu nilikuwa mtunza vyumba katika nyumba ya mawe ya kupangisha wageni, papo hapo Shela. Nimeacha kwa sababu mwenye nyumba ameiuza, na aliyeinunua anakaa mwenyewe na jamaa zake. Msimamizi wetu amekubali mumpigie simu mumuulize lolote kunihusu. Namba yake iko kwenye barua yake niliyoiambatisha.

Nyumba yenu naijua kwa nje tu, lakini nyumba za aina hiyo nazijua kwa ndani. Ukuta wa chokaa haupigwi Jik wala kitambaa kinachochuruzika maji. Hufanya madoa, halafu hauna dawa ila kumwita fundi. Mimi hutumia brashi laini iliyo kavu, nikianza vidaka vya juu nikishuka, na kila chombo hukirudisha palepale nilipokitoa. Chumba cha juu chenye makuti kina mambo yake: makuti humwaga vumbi kila upepo unapovuma, kwa hiyo chandarua hukikung'uta nje na sakafu huifagia kwanza, na kitanda nakitandika mwisho kabisa. Chandarua chenyewe hukinyanyua nikakitazama kwenye mwanga wa dirisha. Nikiona tundu, hata la kupitisha mbu mmoja, nalishona kabla mgeni hajapanda ngazi.

Shuka nyeupe zikifuliwa na kusuuzwa kwa maji ya kisima yenye chumvi hukakamaa, na weupe wake hupotea. Kule nilikotoka tulizisuuza mara ya mwisho kwa maji ya mvua kutoka jabiani, zikadumu. Kama mna jabia, ningeomba maji yake yawekwe kwa kazi hiyo.

Na kwa kuwa nyumba imefungwa wakati wote wa mvua, naamini kuna kuvu nyuma ya makabati na unyevu kwenye magodoro. Mkinichukua, niko tayari kuja wiki moja kabla ya wageni, tufungue madirisha, tusimamishe magodoro upande yapate upepo na tutoe kila kitu kabatini. Harufu ya nyumba iliyofungwa haitoki kwa kupuliza manukato, na mgeni huinusa anapoingia tu mlangoni.

Sasa nije kwenye uaminifu, maana mtu anayeshika funguo za vyumba vyote lazima aulizwe habari hiyo. Pesa au simu ikiwa mezani siigusi. Nafuta pembeni yake na kuiacha ilivyo. Siku moja nilikuwa natoa foronya kwenye mto, mgeni amekwisha vuka kwenda Manda kupanda ndege, nikahisi kitu kigumu pembeni. Ilikuwa pete ya dhahabu. Sikutoka nayo chumbani. Nilimwita msimamizi palepale, tukaandika daftarini saa, chumba na mahali ilipokuwa, tukatia saini sote wawili. Yule mama alipiga simu usiku kutoka Nairobi akilia, akaambiwa pete yake ipo. Tangu hapo daftari la vitu vilivyosahauliwa lilikaa kwangu. Nitafurahi kuanzisha la namna hiyo kwenu kama halipo, kwani linamlinda mgeni, linailinda nyumba na linatulinda sisi wafanyakazi.

Kuhusu kufika kazini, nakaa Langoni. Maji yakitoka naja kwa miguu kupitia ufukweni. Yakijaa napanda boti ya asubuhi. Dada yangu ameolewa Shela, hivyo wageni wakichelewa kufika au bahari ikichafuka nalala kwake, na asubuhi mnanikuta mlangoni. Ramadhani nafanya kazi kama kawaida. Jambo moja nalisema mapema: wakati wa Maulidi naomba mchana mmoja wa ruhusa, na nitapanga na wenzangu ili vyumba visibaki bila mtu.

Kiingereza changu kinatosha kumsikiliza mgeni anachohitaji na kumjibu. Nimeambatisha nakala ya kitambulisho, Cheti cha Mwenendo Mwema kutoka polisi na barua ya msimamizi wangu. Mshahara tutazungumza tukionana.

Kama mngependa kuniona nikifanya kazi kabla ya kuamua, nipeni chumba kimoja nikitengeneze mbele yenu. Siku yoyote nitakuja, ila Ijumaa naomba iwe baada ya sala.

Wako mwaminifu,

Mwanaisha Bwanaheri Ali