Zoezi la uundaji wa maneno, Kidato cha Pili

Wanangu, zoezi hili mlifanye nyumbani, kwenye daftari la Kiswahili, mje nalo Jumatatu. Najua wengi wenu mkitoka skuli mnakwenda kambini kuwasaidia wazee na karafuu, kwa hivyo sehemu ya kwanza nimeitoa huko huko mikarafuuni.

Ndani ya kila sentensi kuna mzizi kwenye mabano. Uongezee kiambishi awali, kiambishi tamati, au vyote viwili, upate nomino, kivumishi au kielezi kinachoikamilisha sentensi. Andikeni sentensi nzima, si neno peke yake, maana upatanisho hauonekani mpaka neno likae na wenziwe.

Tazameni mzizi pik-. "Bi Asha ni (pik-) wa harusi" inataka mtu, tunapata mpishi. "Kazi ya (pik-) haitaki pupa" inataka jina la kazi, tunapata upishi. "Haya ni (pik-) ya Wete" ina "haya" na "ya", basi ni mapishi. Mzizi mmoja, na sentensi ndiyo iliyochagua. Angalieni pia kwamba hakuna anayesema "mpiki". Kiambishi tamati -i kikifuata, k hugeuka sh, t hugeuka s (fuata, mfuasi), nd hugeuka nz (penda, mpenzi), ng hugeuka nz (jenga, mjenzi). Kitenzi kinachoishia kwa irabu mbili, kama chukua au tetea, mara nyingi huleta z: mchukuzi, mtetezi. Hapa ndipo alama nyingi zinapopotea, na zinapotea bure, kwa sababu mdomoni mnayasema maneno haya sawasawa kila siku. Mkishaandika, lisomeni neno kwa sauti.

Sehemu A: Nomino

1. Msimu ukifika, kila (chum-) huondoka alfajiri na pakacha lake.
2. Jioni karafuu humwagwa jamvini, na kazi ya (chambu-) huwa ya pamoja: kina bibi, watoto na majirani hukaa kutenga karafuu na makonyo.
3. Karafuu mbichi hupimwa kwa pishi, na (lip-) ya kila mmoja hutegemea pishi alizochuma.
4. Zikishaanikwa, zinataka (lind-) wa kutazama mawingu, kwani mvua ikizipiga zinaharibika.
5. Zikikauka hupelekwa kituoni kwa ZSTC, shirika la serikali ambalo ndilo (nunu-) wa karafuu.
6. Makonyo nayo hayatupwi. Hupelekwa Wawi, karibu na Chake Chake, kwa kazi ya (tengenez-) wa mafuta.
7. (Pindu-) ya Zanzibar yalitokea Januari 12, 1964.
8. Siti binti Saad alikuwa (imb-) wa taarabu, na mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi (imb-) zake.
9. Msikiti wa Kizimkazi una (andik-) ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107.
10. Mwezi unaofuata Ramadhani wazee wetu huuita (Fungu-) Mosi.

Sehemu B: Vivumishi

11. Karafuu (kau-) huvunjika kwa mlio ukiibana kwa vidole.
12. Mwanikaji (sahau-) huacha karafuu nje usiku.
13. Kambi inataka vijana (vumili-), si wale wanaoshuka mtini na nusu pakacha.
14. Leo bahari ni (tuli-), mashua zimetoka mapema.
15. Mpimaji (dangany-) humpunja mchumaji jasho lake.

Sehemu C: Vielezi

16. Nyumba ya babu imejengwa (-zamani), kwa udongo na makuti.
17. Vikapu hivi vimesukwa (-zuri).
18. Pweza huyu amepikwa (-Pemba), kwa nazi.
19. Mtu mzima haombi ruhusa (-toto).
20. Dhoruba ile iliipiga jahazi (-baya), ikarudi Mkoani bila tanga.

Majibu na maelezo (msifungue kabla hamjamaliza)

1. mchumaji. Kiambishi -aji huonyesha mtu afanyaye jambo kwa mazoea.

2. uchambuaji. Aliyeandika uchambuzi nitampa alama, kwa kuwa neno limeundwa sawa. Lakini siku hizi uchambuzi tunausikia zaidi kwenye habari, vitabu na mpira. Kwa karafuu, uchambuaji unakaa vizuri zaidi, maana unaitaja kazi yenyewe ya mikono. Viambishi viwili juu ya mzizi mmoja vinaweza kugawana kazi namna hii, na ni jambo la kulizoea mapema: tafuteni tofauti ya mchezo na uchezaji, ya ushindi na ushindani, mtaona.

3. malipo. "Ya" peke yake haitoshi, kwani hata nomino za ngeli ya I-ZI huichukua. Kinachoamua ni kwamba mzizi lip- ukipewa -o hupokea ma-.

4. mlinzi. 5. mnunuzi. 6. utengenezaji, na "wa" ndiyo iliyotuongoza kwenye u-.

7. Mapinduzi. Pindua ina irabu mbili mwishoni, ndiyo z ikaingia. Herufi kubwa msiisahau.

8. mwimbaji, nyimbo. Hili nimeliweka kwa makusudi. Kiambishi m- kikikutana na irabu i huwa mw-, na u- huwa w-, ndiyo tukapata wimbo. Lakini sentensi ina "zake", kwa hivyo ni wingi, na wingi wa wimbo ni nyimbo. Atakayeandika "wimbo zake" hakuisoma sentensi mpaka mwisho.

9. maandishi.

10. Mfunguo. Katika hesabu ya wazee, miezi inaanza Mfunguo Mosi mpaka Mfunguo Tisa, kisha Rajabu, Shaabani na Ramadhani. Mzizi huo huo ndio uliotupa ufunguo wa mlango. Kilichobadilika ni kiambishi awali tu.

11. kavu. Hakuna kiambishi awali kwa sababu karafuu iko ngeli ya I-ZI. Ungekuwa mti, ungekuwa mkavu.

12. msahaulifu. 13. wavumilivu. 14. tulivu. 15. mdanganyifu. Hapa -fu na -vu zinafanya kazi moja ya kuunda sifa kutokana na kitenzi. Ipi iende wapi, hilo hukaa sikioni kwa kusoma na kusikiliza, sina kanuni fupi ya kuwapa. Ninachokidai ni upatanisho: kijana mvumilivu, vijana wavumilivu.

16. kizamani. 18. kipemba, kwa herufi ndogo, maana hapa tunaeleza namna ya kupika; lugha tungeiandika Kipemba. 19. kitoto. Ki- ya namna hii huingia kwenye nomino na hata kwenye maneno ya wakati, na yote hujibu swali "kwa namna gani?"

17. vizuri, na 20. vibaya. Namba 17 ina mtego. "Vikapu vizuri vimesukwa" na "vikapu vimesukwa vizuri" zina neno lenye sura moja, lakini la kwanza ni kivumishi, linasifu vikapu, na vi- yake imetoka kwenye ngeli. La pili ni kielezi, linasifu usukaji. Mkitaka kuhakikisha, badilisheni nomino: "mkeka mzuri umesukwa", "mkeka umesukwa vizuri". Kivumishi kimegeuka, kielezi kimebaki vilevile. Na namba 20 jahazi haina vi- popote, lakini vibaya imesimama.