YAH: Doa la chai limerudi na sehemu ya zulia imepauka

Mikocheni, Dar es Salaam
24 Machi 2025

Kwa Meneja,

Mafundi wenu walisafisha zulia langu la sufi (mita 2 kwa 3, rangi ya damu ya mzee) hapa nyumbani tarehe 14 Machi kwa shilingi 60,000, stakabadhi namba 0418. Kazi ilikuwa kutoa doa la chai ya rangi lenye upana wa kiganja. Walipoondoka halikuonekana. Siku ya tatu, zulia lilipokauka, doa lilirudi mahali palepale likiwa na ukingo wa kahawia.

Chai haikumwagwa tena. Doa lilitolewa juu tu. Iliyokuwa imeshuka hadi kwenye mgongo wa zulia ilibaki, na maji yalipokauka yakaipandisha kwenye ncha za nyuzi. Mashine ilinyunyizia maji mengi lakini ikapitishwa mara moja tu kuyafyonza. Jioni, sponji ya chini ilipobanywa ilichuruza maji, na kwa unyevu wa mwezi huu haikukauka hadi tarehe 16. Sabuni nayo haikusuuzwa: kitambaa cheupe chenye maji kikisuguliwa hapo kinatoa povu hadi leo, na sabuni hiyo iliyobaki inanasa vumbi.

Kinachoniuma zaidi ni mpauko. Karibu na doa kuna sehemu ya sentimita 22 kwa 15 iliyogeuka rangi ya chungwa iliyofifia, na kandokando yake kuna vitone vidogo vilivyotawanyika kama vya chupa ya kupulizia. Jua halipaukishi kwa vitone. Fundi alipulizia dawa ya kutoa madoa bila kuijaribu kwanza kwenye kona iliyojificha chini ya kochi. Dawa yenye klorini haifai kabisa kwa sufi, na hata ile ya oksijeni inaweza kula rangi ikiachwa muda mrefu. Naomba mniandikie jina la dawa iliyotumika.

Sijagusa doa wala kuweka kitu chochote. Picha za tarehe 14, 17 na 22 nimeambatanisha. Nataka yafuatayo kabla ya tarehe 31 Machi:

Mrudi bila malipo, msuuze doa kwa maji kidogo yenye siki nyeupe, mfyonze mara kadhaa hadi mashine isitoe maji, kisha mlaze taulo nyeupe zenye uzito juu yake usiku kucha na kuwasha feni. Dawa ya kupaukisha isitumike tena.

Kwa sehemu iliyopauka, kuosha hakutarudisha rangi. Mlete fundi wa kupaka rangi sufi, ajaribu kwanza pembeni mbele yangu. Akishindwa, mnirudishie shilingi 60,000 na tukubaliane fidia ya zulia kwa maandishi.

Nisipopata jibu la maandishi kufikia tarehe hiyo, nitapeleka barua hii na picha zake Tume ya Ushindani.

Mteja wenu,
stakabadhi namba 0418