Uchunguzi kifani wa mwanafunzi K: ugumu wa kusoma na kuandika silabi changamano, Darasa la Tatu

SIRI. Nakala mbili tu: ya mkufunzi na ya mwalimu wa darasa.

K si herufi ya kwanza ya jina la mwanafunzi. Jinsia, umri na jina la shule vimeachwa makusudi. Mzazi alielezwa lengo la uchunguzi, akaridhia; K naye aliulizwa, akakubali daftari lake litazamwe. Vipande vya kazi vilinakiliwa kwa mkono, bila picha. Jina halisi analo mwalimu wa darasa peke yake.

Sababu ya kumchagua

Daftari la darasa lilimtaja K mara kadhaa kuwa "mtundu, hatulii". Katika wiki 2 za kwanza za mazoezi ya kufundisha, kila tukio liliandikwa pamoja na kilichotangulia na kilichofuata. K aliomba kutoka nje mara 8. Mara 6 zilikuwa zamu ya kusoma kwa sauti ikikaribia dawati lake. Katika vipindi vya Hisabati hakuomba hata mara moja. Darasa zima likisoma kwa pamoja, midomo yake hufuata nyuma kidogo ya wenzake: anasikia kwanza, ndipo anatamka. Ndiyo maana kusoma kwa pamoja kulimficha muda mrefu.

Ushahidi

Imla ya maneno 20, wiki ya 2. Maneno 8 ya silabi nyepesi (meza, kalamu, sahani na mengine) aliyapata yote. Kati ya 12 yenye silabi changamano alipata 2. Makosa yana mpangilio: nywele aliandika "nyele", kwenda "kenda", mbwa "bwa", ng'ombe "ngobe". Herufi anazijua, anachodondosha ni w inayofuata konsonanti, na m au n inayoitangulia.

Kusoma kwa sauti, dakika 1, kifungu kigeni: alisoma maneno 31, 12 yakiwa na makosa, hivyo sahihi 19. Kifungu kingine aliposomewa, alijibu maswali yote 5 ya ufahamu kwa mdomo, pamoja na lile la "kwa nini".

Macho na masikio yalifikiriwa kwanza. K alihamishwa kutoka nyuma hadi dawati la mbele kwa siku 4; makosa ya kunakili ubaoni yalipungua, ya imla hayakubadilika. Aliposemeshwa kwa sauti ya chini bila kuona mdomo wa msemaji, alirudia maneno yote 10, hata nywele na mbwa. Huo si upimaji wa kitaalamu, na kwa kuwa kunakili kuliboreka, rufaa ya kupimwa macho imependekezwa.

Tafsiri

Ufahamu wake ni mzuri na anatamka sawasawa; shida ipo katika kuichambua silabi hadi sauti moja moja. Utundu unaelekea kuwa njia ya kukwepa aibu. Taarifa hii haitoi jina la tatizo la kitabibu. Mwalimu mtarajiwa hana zana wala mamlaka ya kufanya hivyo.

Msaada uliotolewa, wiki ya 3 hadi ya 6

Dakika 10, siku 4 kwa wiki, kabla ya kipindi cha kwanza. Vipindi 16 vilipangwa, vikafanyika 13: 2 K hakuwepo, 1 uligongana na jaribio.

Kadi za silabi zilianza vibaya. Aina 5 (kwa, nywa, mba, nda, ng'a) zililetwa pamoja, K akazichanganya na kuanza kubahatisha. Kuanzia kipindi cha 4 zilibaki jozi 2 tu za kulinganisha: ka na kwa, nya na nywa. Kilichosaidia zaidi ni visanduku vya sauti: nywele ina visanduku 5, yaani ny, w, e, l, e. Anasema neno polepole huku akisogeza kizibo kimoja kwa kila sauti, kisha anaandika. Kisanduku cha pili kikibaki kitupu, anaona mwenyewe alichoacha.

Kusoma na mwenzake kulikwama kwa sababu mwenzake alimtajia neno papo hapo. Ikawekwa kanuni: hesabu kimoyomoyo hadi 5 ndipo usaidie, na usaidie kwa silabi ya kwanza tu. Zamu ya kusoma mbele ya darasa ilibaki, ila K alipewa sentensi zake 2 siku moja kabla.

Matokeo, wiki ya 6

Imla, maneno mengine 12 changamano: sahihi 7, kati yake 6 ya silabi zenye w. Zenye mb na nd bado. Kusoma, kifungu kipya: maneno 34, makosa 5, sahihi 29. Kasi karibu ni ileile. Kilichokua ni usahihi, na kwa hatua hii hilo linatosha. Maombi ya kutoka katika wiki 2 za mwisho: 2.

Kwa mwalimu wa darasa

Endelea na visanduku kwa mba na nda, jozi moja kwa wiki, ukilinganisha na ba na da. Usimsahihishe kila kosa katika insha. Chagua silabi ya wiki hiyo. Rudia imla baada ya wiki 4 kwa maneno asiyoyazoea. Maendeleo yakisimama, mpeleke kwa mwalimu wa elimu maalumu akiwa na jedwali la makosa, si neno "mtundu". Vipande vya kazi vilivyonakiliwa vitachanwa baada ya taarifa hii kusahihishwa.