Ombi la kufikia kwako Kigoma, 8 hadi 12 Oktoba

Dodoma, Jumapili 23 Agosti 2026

Mwajuma shoga yangu, asalaam alekum. Watoto hawajambo? Shemeji je? Sisi huku wazima, Doreen amefikisha miaka minne na anaongea kutwa nzima.

Nimeona nikuandikie badala ya kukutumia sauti, ili usome kwa nafasi na umsomee na shemeji. Nina ombi. Nataka kuja Kigoma mwezi wa kumi, mimi na Doreen, na ninaomba tufikie kwako. Tutafika Alhamisi tarehe 8 Oktoba jioni na kuondoka Jumatatu tarehe 12 alfajiri. Ni usiku nne.

Kinachonileta ni vitenge. Wateja wangu wa Krismasi wanaanza kuleta oda Novemba, na huku dukani pisi ya yadi sita imeshapita mikono mingi kabla ya kunifikia. Vile vinavyoingia kwenu kutoka Kongo na Burundi nataka nivishike mwenyewe, nichague rangi, nipatane bei. Wewe unawajua wenye mali pale soko la Mwanga na unajua kitambaa kinachochuja. Nikienda peke yangu wataniona mgeni tangu mlangoni. Lakini hata kama kusingekuwa na vitenge, ningetafuta sababu. Tangu harusi yako tunaonana kwenye simu tu, na kuna mambo ya mwaka huu ambayo siwezi kuyasema kwenye simu.

Safari nimeipanga hivi: Jumatano tarehe 7 napanda basi hadi Tabora, tunalala kwa dada yangu, kesho yake tunaendelea. Stendi msije kutupokea, kwa sababu basi halina saa ya uhakika. Nielekeze tu nimwambie nini dereva wa bajaji.

Kulala, godoro moja chini sebuleni linatutosha. Nitabeba shuka zetu na chandarua. Doreen halii usiku na anakula kila kitu isipokuwa pilipili.

Sasa gharama, na hapa naomba usinikatalie. Jumamosi tarehe 3 Oktoba nitakutumia kwenye simu shilingi 100,000 za chakula na 15,000 za umeme na maji, ununue mapema unavyoona wewe. Nauli zangu zote na bajaji za kwenda sokoni ni juu yangu, hata ile siti unayokaa wewe, maana kazi ni yangu. Tukitoka wote kutembea, tugawane nusu kwa nusu. Hela ya chakula ikiisha kabla sijaondoka, niambie hapo hapo. Najua wewe unaweza kukopa dukani ukanyamaza, na hilo litaniuma kuliko kulala gesti.

Halafu mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Una cherehani; kama kuna sare za shule au magauni yamekulemea, niwekee. Jumamosi jioni nitashona mimi, wewe upumzike.

Nimeichagua Oktoba kwa makusudi. Mwaka 2024 uliniambia ziwa lilivyofungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, dagaa wakawa hawashikiki kwa bei, kwa hiyo Juni nikaikwepa. Na tarehe 10 ni mwezi mwandamo, usiku giza, wavuvi wataingia na taa zao. Ningependa asubuhi moja twende Kibirizi kununua dagaa wakiwa bado wanaanikwa. Jumapili, kama shemeji hana shughuli, tufike Ujiji kwa wakwe zako niwasalimie, na Doreen akaone pale Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Gombe tuiache, mtoto bado mdogo.

Nitawaletea mafuta ya alizeti lita tano na karanga. Kurudi nitaomba unitafutie mawese mazuri, kwa hela yangu.

Mwajuma, zungumza na shemeji kwanza kabla ya kunijibu. Nyumba ni yenu wote wawili, na sijui mwezi huo mna mgeni gani au mna uzito gani. Kama haiwezekani, niambie "haiwezekani" bila kueleza kwa nini. Nitachukua chumba gesti ya karibu na kwako, mchana tutakuwa pamoja vile vile, na urafiki wetu hautapungua hata chembe. Kama ni tarehe tu zinazowabana, naweza kusogeza wiki moja mbele, yaani 15 hadi 19.

Naomba jibu kabla ya Jumapili tarehe 20 Septemba, niwahi kukata tiketi na kumjulisha dada wa Tabora.

Msalimie sana shemeji, na mama mkwe wa Ujiji.

Rafiki yako,
Mama Doreen