Maneno ya Kuushika Mhadhara Unapokatika: Mazungumzo ya Nyumba za Mawe, Uani mwa Ngome ya Lamu

Karatasi hii inakaa chini ya hotuba yenyewe, na nakala zake wanazo mfawidhi na fundi wa vipaza sauti. Mhadhara utaanza baada ya swala ya alasiri, mbele ya wenye nyumba, mafundi wa ujenzi na wanafunzi, akina mama wakiwa upande wa kivuli na baadhi ya wasikilizaji wakiwa roshani ya juu. Maneno yaliyomo ndani ya alama za mtajo nitayasema kama yalivyo. Nimeyaandika mapema kwa sababu mtu aliyebabaika hatungi sentensi nzuri: huomba radhi, akairudia radhi yake, hata hadhira ikaacha kuifikiria nyumba ikaanza kumhurumia yeye. Kila neno la hapa, kwa hiyo, linawarudisha watu kwenye nyumba wala haliwaleti kwangu.

Mhadhara umepangwa kama mtu anavyoingia nyumba ya Kiamu: daka, yaani baraza ya mlangoni; tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia; kiwanda, ua wa ndani ulio wazi juu; msana wa tini na msana wa yuu, kumbi mbili ndefu zinazofuatana; kisha ndani, chumba cha faragha. Dakani ni historia ya mji, kiwandani ni maji ya mvua, msana wa tini ni chokaa na simiti, msana wa yuu ni boriti, na ndani ni zidaka, vile vishubaka vya ukutani, pamoja na suala la mirathi. Jina la chumba limeandikwa kwa wino mwekundu juu ya kila ukurasa, ili jicho lilione kabla ya kuona jambo jingine lolote.

Nikipoteza nilipofika

Neno likinitoroka tu, nitakunywa maji, nitasubiri pumzi moja, na nitasema: «Jambo hili nataka kulisema kwa mpango wake.» Hakuna radhi ya kuombwa hapo.

Nikipoteza mstari mzima huku nikikumbuka chumba nilichomo, nitaweka mikono yote miwili juu ya meza na kusema polepole, macho yakitafuta wino mwekundu:

«Wazee wangu, mama zangu, tusimame hapa kidogo kabla ya kusonga mbele. Tumeingia kwa daka, tukapita tekani, tukafika kiwandani. Kiwandani tulisema kwamba adui wa kwanza wa nyumba ya mawe ni maji yasiyopewa njia: mfereji wa dari ukiziba, maji ya mvua huteremka ndani ya ukuta, na ukuta uliolowa ndio unaoozesha ncha za boriti zilizozikwa ndani yake. Naomba mlishike hilo, kwa sababu chumba kinachofuata kimesimama juu yake.»

Maneno hayo yanachukua muda wa kutosha kuupata ukurasa. Nikiwa tayari nimepita kiwanda yatabaki kuwa ya kweli na ya manufaa, kwa kuwa kila kinachosemwa kuhusu chokaa na boriti kinarejea kwenye maji.

Nikiwa sijui hata chumba, nitawageukia mafundi walioketi mkono wa kushoto:

«Nawauliza mafundi tulio nao hapa: kwa nini vyumba vyetu vya zamani ni virefu na vyembamba?»

Nitasubiri kwa kweli, maana wanalijua jibu kuliko mimi. Akijibu mmoja wao, nitasema: «Ahsante, fundi. Ni boriti. Mti wa mkoko una nguvu, lakini boriti iliyonyooka yenye kubeba dari ya mawe na chokaa haivuki salama nafasi inayozidi takriban mita 3, kwa hiyo fundi wa kale aliuacha mti umpangie upana wa chumba, naye akautafuta ukubwa katika urefu.» Kutoka hapo naweza kuteremka kwenye chokaa au kupanda msana wa yuu, na msikilizaji hataona pengo.

Ikishindikana kabisa, nitamwita mfawidhi waziwazi: «Maalim, nisaidie neno langu la mwisho.» Yeye atajibu kwa jina la chumba na neno moja tu, kwa mfano: «Msana wa tini, simiti.» Namwomba asiongeze maelezo, hata akiona nasitasita, kwa sababu sauti mbili zinazoeleza jambo moja zitawachanganya watu zaidi.

Nikigundua kwamba nimeruka ukurasa mzima, nitasema: «Nimewapitisha mlango mmoja bila ya kuufungua. Turudi msana wa tini, kwani asiyeielewa chokaa hataelewa kwa nini boriti huoza.» Nitausoma ukurasa huo kwa ukamilifu. Kuuacha kwa haya kungekuwa ni kuwanyima watu sehemu waliyoijia, kwa kuwa wengi wao wana ukuta unaobabuka nyumbani.

Mwaka au jina likinipotea sitakisia. Nitasema: «Hili nitalisoma, ili niwape lililo sahihi,» kisha nitasoma hapa: ujenzi wa Ngome ulianza mwaka 1813 na kukamilika mwaka 1821, ilitumika kama jela tangu mwaka 1910 hadi 1984, Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001.

Kipaza sauti kikifa

Nitaikata sentensi pale pale ilipofika, nitainua mkono mmoja, na nitakiweka kipaza sauti mezani. Sitakigonga wala kukipuliza. Kwa sauti ya kifua, na kwa sentensi fupi:

«Mnaonisikia, inueni mkono. Walioko roshani, je? Akina mama?»

Wasionisikia hawatainua, na hao ndio nitakaowatazama. Kisha:

«Fundi anakishughulikia kipaza sauti, nasi tunaendelea. Vijana walioko nyuma, tafadhali sogeeni mbele. Wazee wangu, msiinuke, mimi nitawasogelea.»

Nitasogea hadi ukuta wa mashariki niusimamie kwa mgongo, ili sauti iliyorudi nyuma igonge jiwe na kurejeshwa mbele. Kutoka hapo sitasoma hotuba, kwa sababu sentensi zake ndefu haziwezi kubebwa na sauti tupu. Nitatoa mfukoni vile vipande viwili vya lipu na kusema:

«Nina vipande viwili. Nitavipitisha mkono kwa mkono, kimoja kianzie kwa akina mama na kingine kwa wazee, kisha mbadilishane. Hiki cheupe ni lipu ya chokaa ya matumbawe yaliyochomwa. Kikwaruzeni kwa ukucha: kinatoa unga. Hiki cha kijivu ni simiti. Kikwaruzeni: hakitoi kitu. Sasa kigeuzeni hicho cha simiti mtazame upande uliokuwa umegusa ukuta. Mnaona ukungu mweupe, kama unga uliomwagika? Pitisheni kidole, kisha mguse ulimi. Ni chumvi.»

Hapo nitanyamaza hadi vipande vifike safu ya tatu. Ukimya huu ni wa kazi, kwa kuwa kila mtu ana kitu mkononi au anakingoja, na fundi anapata nafasi ya kubadilisha betri bila ya kukimbia. Nikiona vinaendelea kupita, nitaongeza:

«Jiwe letu la matumbawe limetoka baharini na lina chumvi yake. Unyevu ukiingia ukutani hutafuta pa kutokea. Chokaa huuacha upite, ukakauka nje, nayo lipu ikaharibika polepole na kupigwa upya. Simiti huuzuia. Unyevu hubaki nyuma, chumvi hujikusanya, na siku simiti itakapobanduka itaondoka na uso wa jiwe. Aliyewaambia kwamba simiti ni ya kudumu alisema kweli kuhusu simiti. Hakuwaambia habari ya ukuta.»

Kipaza sauti kikirudi, nitakijaribu kwa neno lenye maana, si kwa kuhesabu moja, mbili, tatu: «Fundi, ahsante sana. Kwa walioko roshani ambao huenda hawakusikia: chokaa huuacha unyevu utoke, simiti huufungia ndani. Tunaendelea kutoka hapo.»

Kikilia kwa mlio mkali, nitakishusha kifuani na kurudi hatua mbili nyuma ya spika, nikisema tu: «Nasogea.» Upepo ukivuma ndani yake, nitaugeuzia mgongo na kuendelea bila ya neno.

Stima ikipotea

Picha za ukutani nazo zitazimika, kwa hiyo msemo ni mwingine:

«Stima imepotea, na picha zimezimika pamoja nayo. Lakini picha zile zilikuwa za boriti, na boriti tunazo juu yetu. Tazameni dari ya hiyo roshani. Angalieni pale mti unapoingia ukutani, si katikati yake. Mkienda nyumbani leo, hapo ndipo pa kumulika kwa tochi: mkiona doa jeusi au unga wa mti sakafuni, mwiteni fundi kabla ya masika, msingoje dari ishuke.»

Jenereta likiwashwa, nisishindane na ngurumo yake; nitangoja ishara ya fundi.

Adhana ikisikika

Hii si hitilafu, lakini inakatiza, na mara nyingi hukatiza katikati ya sentensi. Nitasema, «Tuisikilize adhana,» fundi atakizima kipaza sauti, na sote tutanyamaza. Mhadhara umepimwa umalizike kabla ya magharibi. Ukiwa umechelewa, nitasema baada ya adhana: «Tutaishia hapa tuwahi swala. Ukurasa uliobaki unahusu mirathi, nao una haki ya kupewa wakati wake. Atakayependa, nitamsubiri hapa nje Mkunguni baada ya swala.»

Wakati wa maswali

Kipaza sauti cha kuzungushwa ndicho kinachofeli mara nyingi zaidi, na muulizaji hukata tamaa akaketi. Nisimwache aketi. «Mama yangu, endelea kwa sauti yako, nami nitalirudia swali wote walisikie.» Kisha: «Mama anauliza kama nyumba iliyokwisha kupigwa simiti inaweza kurudishwa kwenye chokaa. Nimekuelewa sawasawa, mama?» Nitangoja akubali kabla ya kujibu. Jibu lenyewe, ili nisilisahau, ni kwamba inawezekana, lakini simiti ibanduliwe kwa mkono na taratibu, ukuta uachwe ukauke, ndipo lipu ya chokaa ianze.

Mimi mwenyewe nikishindwa kuendelea

Sauti ikinikauka au nikihisi kizunguzungu, nitamwashiria mfawidhi kwa kuifunga karatasi. Yeye atasimama mahali pangu, bila ya haraka, na kusema: «Mabibi na mabwana, mzungumzaji wetu atapumzika. Amefika msana wa yuu. Nitawasomea kurasa zilizobaki kama alivyoziandika, na maswali yenu nitayaandika na kumfikishia. Naanza na boriti.»